Shairi la kumshukuru mama: anzia kwenye sweta

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtoto wa pili kati ya wanne, naishi Mbeya mjini. Desemba tunakutana nyumbani Isongole, ndugu wa pande zote mbili, na dada amenipa kazi ya kusoma shairi fupi la kumshukuru mama. Nimeandika hili:*

*Mama, wewe ni nguzo ya maisha yangu,*
*wewe ni taa, wewe ni nuru gizani,*
*ulinibeba miezi tisa tumboni,*
*upendo wako hauna kifani.*
*Nikikosa ulinionya, nikiugua ulinitunza,*
*sina cha kukulipa mama.*
*Asante sana, nakupenda.*

*Nikilisoma kwa sauti linasikika kama kadi ya dukani. Tena baba mdogo ni mwalimu mstaafu, najua atasema bila vina si shairi. Niliwahi kufikiria kuandika habari ya sweta la mama, lile moja alilokuwa anamvalisha kila mmoja wetu akianza shule, yeye anakwenda barabarani kuuza viazi na kitenge tu, na tukimwuliza anasema hasikii baridi. Nikaona ni jambo dogo mno kwa sherehe. Nyumbani tunaongea Kinyakyusa lakini shairi nataka liwe la Kiswahili. Nifanyeje?*

Marahaba, mdogo wangu. Sikio lako liko sawa, hiyo ni kadi ya dukani. Na dawa yake umeileta mwenyewe kisha ukaitupa pembeni. Hilo sweta unaloliita jambo dogo ndilo shairi. Mistari saba uliyoiandika iweke kando, tutairudia kidogo kwa ajili ya kujifunza tu.

Fanya jaribio hili. Siku hiyo uani kwenu watakuwepo shangazi, mama wadogo, majirani na mama wakwe. Wasomee kichwani mwako mstari mmoja mmoja, halafu jiulize ni nani kati yao atakayesema huyo siye mimi. "Ulinibeba miezi tisa tumboni" ni wao wote. "Wewe ni nguzo", wao wote. Sasa wasomee habari ya mama aliyevua sweta asubuhi ya Juni akasema hasikii baridi. Hapo watamgeukia mtu mmoja. Shairi la kusomwa mbele ya watu wanaomfahamu mhusika linasimama au kuanguka hapo hapo, kwa sababu wasikilizaji wako hawahitaji kuambiwa kwamba mama yako ni mwema. Wanamjua kuliko wewe. Wanataka kuona kama na wewe uliona.

Suala la baba mdogo nitalimaliza upesi. Shairi alilofundisha yeye lina mishororo minne katika ubeti, mizani kumi na sita katika mshororo, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na vina vya kati na vya mwisho. Ni ufundi mkubwa na simdharau mtu anayeupenda. Lakini ubishi wa kama shairi lisilo na vina ni shairi ulipiganwa hapa kwetu tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi, *Kichomi*, mwaka 1974, na baadaye mashairi huru yakaingia hadi darasani. Baba mdogo anaujua ubishi huo. Akiuanzisha tena, mwache aseme, kisha mkaribishe chakula.

Ila ana hoja moja ambayo ni lazima uichukue. Vina havikuwekwa kwa urembo tu. Vinamwambia msikilizaji, ambaye hana karatasi mkononi, kwamba mshororo umekwisha hapa na mwingine unaanza. Ukiviondoa, lazima uweke kitu kingine kitakachofanya kazi hiyo, la sivyo watu watasikia maneno tu, kama tangazo la mkutano wa kijiji. Katika shairi huru la kusomwa kwa sauti, kazi hiyo inafanywa na ufupi wa mstari, kurudia neno mahali pake, na kunyamaza.

Tazama pia kilichotokea kwenye rasimu yako bila wewe kujua. Mstari wa pili unaishia "gizani", wa tatu "tumboni", wa nne "kifani". Kiswahili kina "-ni" nyingi mwishoni mwa maneno, kwa hiyo kina kimejileta chenyewe. Sikio la msikilizaji likishapata "-ni" mara tatu linakaa mkao wa kusubiri ya nne. Wewe unampa "ulinitunza". Hapo ndipo baba mdogo atakapokunja uso, na kusema kweli atakuwa na haki, maana umeanza kama mtu wa vina ukashindwa njiani. Ukiamua kuandika shairi huru, pitia mwisho wa kila mstari na uvunje vina vilivyojiokota. Kimoja kikibaki si neno, mradi visifuatane.

Sasa twende kwenye sweta.

Usianze kwa kuandika shairi. Chukua daftari uandike habari hiyo kama ungemsimulia mtu kwenye simu, bila kupamba. Kwa yale uliyonieleza, ingekuwa hivi: *Mama alikuwa anaamka kabla yetu, anatuwashia moto, anatuchemshia vile viazi vidogo ambavyo havipati mnunuzi. Vikubwa anavijaza kwenye debe anavipeleka barabara ya lami kuuza. Sweta lilikuwa moja tu, lake. Dada alipoanza shule akamvalisha yeye, mikono inakunjwa mara tatu. Baadaye mimi. Baadaye wadogo zetu. Tukimwuliza, anasema hasikii baridi.* Habari ya moto, ya debe, ya viazi vidogo na ya kukunja mikono nimeiongeza mimi, kwa kuwa nimeona nyumba nyingi za wakulima wa viazi na ndivyo ilivyokuwa. Kama kwenu haikuwa hivyo, itoe, weka ya kwenu. Usisome jambo ambalo halikutokea mbele ya mtu unayesema lilimtokea.

Ukiisoma habari hiyo utaona haina sifa hata moja. Hakuna "upendo", hakuna "nuru". Kuna moto, viazi, debe, sweta na maneno machache ambayo mama aliyasema kwa kinywa chake. Hayo maneno yake yaweke mahali salama, ndiyo mali yako kubwa kuliko zote.

Kinachofuata ni vitenzi, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu Kiswahili kimekupa zana ambayo watu wengi wanaoandika shukrani hawaitumii. Ukisema "ulilima", umetaja kazi. Ukisema "ulitulimia", umetaja kazi na umetaja aliyefanyiwa. Ile "-i-" ndogo ya mwishoni na "-tu-" ya katikati zimeshashukuru kabla hujafika kwenye neno asante. Uliwasha moto, ulituwashia moto. Ulichemsha, ulituchemshia. Ndiyo maana shairi la namna hii linaweza kupita lote bila neno "upendo" na kila mtu akalisikia.

Zana hiyo ina miiba yake. Wa kwanza ni kuitumia kila mstari. Ukipanga "ulituwashia, ulitupikia, ulitufulia, ulitulimia", ifikapo ya nne shairi limekuwa risala ya wahitimu. Mbili zinatosha, mwanzoni, kisha rudi kwenye vitenzi vya kawaida. Wa pili ni kwamba si kila kitenzi kikiongezwa hivyo kinamaanisha kumfanyia mtu jambo jema. "Ulitukimbilia" ni kwamba ulikuja mbio kwetu, si kwamba ulikimbia kwa ajili yetu. "Ulinisemea" inaweza kuwa ulinitetea, na inaweza pia kuwa ulinichongea kwa baba. Sema sentensi yako kwa mtu wa nyumbani uone ameelewa nini.

Mwiba wa tatu ni wa ulimi. Andika "ulitununulia viatu" kwenye karatasi, ni safi kabisa. Sasa isome kwa sauti mara tatu haraka. Ile "tununu" inakukamata, na ukiwa mbele ya watu mia na kipaza sauti mkononi itakukamata zaidi. Weka "ulitutafutia viatu", ulimi unateleza. Kila neno la shairi la kusomwa hupimwa mdomoni kwanza, halafu ndipo kwenye karatasi.

Wa nne nimeuona kwenye rasimu yako: "ulinibeba, ulinionya, ulinitunza". Ni "-ni-" tupu. Mko wanne. Dada na wadogo zako watakuwa wamekaa pale wakisikiliza shukrani ya mtu mmoja kwa mama wa watu wanne. Badilisha iwe "-tu-", na ukitaka kujitaja, jitaje mara moja katika foleni yako ya wa pili. Utaona jinsi shairi linavyopanuka.

Halafu kuna suala la wakati wa kitenzi. Kuanza kila mstari kwa "uli-" kunalifanya shairi lisikike kama mashtaka yanasomwa: ulifanya hili, ulifanya lile. Anza na "-li-" mara moja kisha uende na "-ka-", kama babu anavyosimulia hadithi. Ulituwashia moto, ukatuchemshia viazi, ukajitwisha debe. Hiyo "-ka-" inatembea, na msikilizaji anatembea nayo. Na jihadhari na "hu-" ya mazoea unapozungumza na mama moja kwa moja. "Mama, hulala saa sita" ni mazoea, "mama, hulali saa sita" ni kumkanusha, na kwenye vipaza sauti vya kukodi hizo mbili zinasikika karibu sawa. Sema "ulikuwa ukilala", hakuna atakayekosea.

Basi vunja habari ile kuwa mistari. Kipimo changu ni pumzi moja kwa mstari mmoja, na pumzi ya mtu mwenye wasiwasi ni fupi kuliko ya mtu aliyekaa sebuleni kwake. Mizani kumi na mbili au kumi na tatu ni mwisho. Hesabu kama ulivyofundishwa shuleni, ukikumbuka kwamba "m" ya "mtoto" ni mizani kamili: m-to-to, tatu. Mstari wako wa "Nikikosa ulinionya, nikiugua ulinitunza" una mizani kumi na tisa. Jaribu kuusema bila kuvuta pumzi katikati huku mama yako anakuangalia.

Mstari wa kawaida uwe wa wastani, na pale penye uzito ukate uwe mfupi zaidi. Hili wengi wanalifanya kinyume, wakifika penye uzito wanarefusha na kuongeza maneno. Nimejaribu kuipanga habari yako hivi:

Mama,
ukungu bado umelala shambani,
wewe umeshaamka.

Ulituwashia moto.
Ukatuchemshia viazi vidogo,
vile visivyopata mnunuzi.
Vikubwa ukavijaza kwenye debe,
ukajitwisha,
ukaenda navyo barabara ya lami.

Sweta lilikuwa moja.
Lako.
Ukamvisha dada akianza shule,
ukakunja mikono mara tatu.
Kisha mimi, mara tatu.
Kisha wadogo zangu, mara tatu.

Tukakuuliza: Mama, na wewe?
Ukasema:
Mimi sisikii baridi.

Juni ukasema.
Julai ukasema.
Miaka yote ile ukasema.

Mama,
leo tupo hapa wanne,
kila mtu na sweta lake.
Tulijua.
Ulikuwa unasikia baridi.

Ndaga fijo.

Ni mistari 27, na ukiisoma polepole na kunyamaza panapostahili haifiki dakika mbili. Usiongeze. Najua dada atakuambia umesahau lile na lile: mama alivyouguza bibi, mama na kwaya, mama na ada ya sekondari. Mwambie hayo yapo kwenye risala, na risala ina mtu wake. Shairi likibeba mambo saba halibebi hata moja.

Nieleze sababu za maamuzi machache, ili ukibadilisha maneno usibomoe nguzo. "Mara tatu" inarudi mara tatu kwa sababu ndipo kilipokuwa kina. Msikilizaji akiisikia mara ya pili atajua mstari umekwisha, akiisikia mara ya tatu atacheka, na ni vizuri acheke hapo, maana dakika moja mbele hatacheka. "Lako" imekaa peke yake kwa kuwa ndiyo inayobadilisha maana ya sweta. Ungeandika "Sweta lilikuwa moja, nalo lilikuwa lako mama", maana ni ile ile lakini mshtuko umekwenda. "Tulijua" nayo iko peke yake, na hapo utanyamaza kabla ya kusema mstari unaofuata.

Uone pia kwamba shairi zima lina neno moja tu la shukrani, nalo liko mwisho na si la Kiswahili. Umesema nyumbani mnaongea Kinyakyusa. Basi asante yenyewe iseme kwa lugha ambayo mama alikufundishia kusema asante. Ukiweka "ndaga" katika kila ubeti itakuwa pambo, lakini moja ya mwisho itamfikia. Na kama kwenu mtu mzima huzungumziwa kwa wingi kwa heshima, muulize dada kama "wewe" na "u-" zitamkwaruza mama masikioni. Kwa Kiswahili cha mashairi "u-" ni sawa kabisa na mimi ningeiacha, ila nyumba ni yenu.

Umeona nimeondoa "sina cha kukulipa". Kwanza ni mstari wa kila mtu. Pili, kwa ninavyojua sherehe za kwetu, mkishasoma shairi mtamletea mama zawadi, pengine godoro, pengine vitenge na masufuria, mkicheza nyuma yake. Sasa umesema huna cha kumlipa na godoro linaingia mlangoni. Watu watacheka, na hawatacheka pale ulipotaka.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia katika maneno, nalo nililijua kwa kuumia. Miaka ya nyuma niliandika shairi la namna hii kwa ajili ya mama yangu, tukakutana ukoo mzima, nami nikasoma mstari uliosema siku fulani tulilala njaa. Nilitaka kusifu alivyotuvusha. Nilipoinua macho nikamwona ndugu mmoja mtu mzima ameinama anaangalia viatu vyake. Mwaka ule wa njaa yeye alikuwa na ghala limejaa, na kila mtu mzima pale alikuwa anakumbuka. Mama hakuniambia kitu, ila baada ya chakula alikwenda kukaa karibu naye muda mrefu. Shukrani kwa mmoja inaweza kuwa shtaka kwa mwingine, hasa panapokuwa na ndugu wa pande zote mbili kama kwenu. Kwa hiyo pitia shairi lako na jicho la baba, la baba wadogo, la wajomba. Sweta moja lina hatari ndogo, maana halimuulizi mtu alikuwa wapi. Lakini msomee dada kwanza. Kama kuna jambo nyuma ya sweta hilo ambalo wewe ulikuwa mdogo huwezi kulijua, yeye analijua. Mama mwenyewe usimsomee.

Tukija kwenye kusoma, mambo ya Isongole nayajua kidogo. Desemba ni mvua, na ukanda ule hadi Tukuyu mvua yake haina mchezo. Mkikaa chini ya bati na mvua ikaanza, hakuna kipaza sauti kitakachokuokoa, shairi litamezwa lote. Mwambie mshereheshaji akuweke mapema, kabla ya chakula, anga likiwa bado limetulia. Baada ya chakula kuna mambo mawili yanakusubiri, mvua ya mchana na watu walioshiba.

Andika shairi kwa mkono au lichapwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, upande mmoja tu. Usisome kwenye simu. Simu huzima kioo isipoguswa, na shairi hili lina kunyamaza kwingi. Mahali pa kunyamaza weka mkwaju mmoja kwa pumzi ya kawaida na miwili kwa pumzi ndefu. Miwili ningeiweka baada ya "Lako", baada ya "Mimi sisikii baridi", na baada ya "Tulijua". Kipaza sauti kikae upana wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pumzi yako, la sivyo kila "p" na "b" italipuka, na mstari mzito wa shairi lako unaishia na "baridi".

Vigelegele vitakuja, na lazima uvipangie. Mama wadogo hawatasubiri mwisho. Nakadiria vya kwanza vitapigwa penye "Kisha wadogo zangu, mara tatu", au penye "kila mtu na sweta lake". Vikianza, simama, tazama karatasi, subiri viishe kabisa. Kosa kubwa ni kusoma juu yake, kwa sababu mstari unaofuata hautasikika na ndio uliobeba mzigo. Kwa sababu hiyo hiyo nimeweka "Tulijua" baada ya mahali pa vigelegele na si kabla. Watu wakishamaliza kupiga kelele huwa kuna ukimya wa sekunde chache. Huo ukimya ni wako, utumie.

Sauti ikikukatika, na huenda ikakatika penye maneno ya mama, usijilazimishe kuendelea kwa sauti ya kutetemeka. Funga mdomo, vuta pumzi kwa pua, anza tena mstari ule ule tangu mwanzo wake. Hakuna anayehesabu. Dada awe na nakala ya pili mkononi, mmekubaliana kabisa kwamba ukiinua macho kumwangalia, anaendelea yeye kutoka ulipoishia. Kwa kuwa shairi lina "tupo hapa wanne", halitaharibika likimalizwa na sauti nyingine.

Maneno ya mama yasome kwa sauti yako ya kawaida. Ukimwigiza, watoto watacheka na utakuwa umefungua mchezo wa kuigiza ambao huwezi kuufunga. Na mwangalie mahali pawili tu: unaposema "Mama" ya kwanza, na unaposema "Tulijua". Pengine popote tazama karatasi au wadogo zako.

Fanya mazoezi kwa kusimama, si kwa kukaa, na ukiweza toka nje usome mahali penye kelele kidogo, hata kando ya barabara. Mara kumi zinatosha. Baada ya hapo utakuwa unaimba na sio kusema.

Mwisho uwe tayari kwa jambo moja ambalo naliona kabisa likitokea. Umemaliza, umesema ndaga fijo, kumekuwa kimya, na mama kutoka kwenye kiti chake anajibu kwa sauti yake ndogo kwamba lakini kweli alikuwa hasikii baridi. Hapo usiongeze neno. Mpe dada karatasi, nenda ukakae.